Ujumbe mmoja, maswali manane: namna ya kujibu bila kuacha hata moja

Mteja anayeandika ujumbe mrefu hapangi maswali yake. Anaandika kama anavyoongea: anasalimia, anaeleza shida, anauliza, anakumbuka jambo jingine, anauliza tena, anachomeka habari ya shangazi, anashukuru. Anayejibu naye hudaka swali moja au mawili, mara nyingi la bei na lile analolijua zaidi, anayajibu vizuri kabisa, halafu anaamini amemaliza. Kesho yake mteja anauliza, "Na ile ya betri?" Au haulizi tena, anatafuta fundi mwingine.

Maswali mengi hayapotei wakati wa kuandika jibu. Yanapotea wakati wa kusoma, kwa sababu anayesoma anatafuta alama ya kuuliza, na watu wanaoandika kwa simu hawaweki alama ya kuuliza kila wanapouliza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusoma na kuhesabu. Kuandika kwenyewe, ukishahesabu sawasawa, ni kazi ya dakika kumi.

Tutautumia ujumbe huu mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ameupokea fundi sola wa Dodoma mjini, kwa WhatsApp:

> Habari za leo fundi. Namba yako nimepewa na jirani yetu. Nataka kufunga sola nyumbani kwa mama hapa Kibaigwa, nyumba ina vyumba vitatu na sebule. Taa ziwe sita, tivi inchi 32 na kuchaji simu. Sasa paneli ya wati 100 inatosha au nichukue ya 200? Betri nimeambiwa hata ya gari inafaa, ninayo moja N70 imekaa tu ndani toka mwaka jana. Bei ya kufunga ni ngapi na unaweza kuja lini maana mama anarudi tarehe 20. Na baadaye nikitaka kuongeza friji? Shangazi alifunga ya kwake ila inazima saa nne usiku kila siku sijui ni nini. Paa letu ni la bati limeangalia mashariki na magharibi. Waranti ipo? Asante na kazi njema.

1. Soma hadi mwisho kabla ya kugusa kibodi

WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka maneno `Read more`, au Soma zaidi kama simu yako iko kwa Kiswahili. Fundi aliye juu ya ngazi akichungulia simu anaona nusu ya kwanza tu, anajibu "Chukua ya 200, bei tutaongea", na kwake ujumbe umekwisha. Waranti, paa na friji hajaviona kabisa. Kwa hiyo fungua ujumbe wote, usome hadi neno la mwisho, na usiandike chochote kwanza.

Kama huna nafasi ya kujibu muda huo, mwambie: "Nimeupata ujumbe, ni maswali kadhaa, nitakujibu yote leo saa mbili usiku." Sentensi hiyo inatosha. Usijibu swali moja la haraka "ili asisubiri", maana mteja ataendeleza mazungumzo kwenye hilo hilo, na baada ya jumbe kumi na tano ujumbe wa kwanza utakuwa umepanda juu usikoonekana. Uwekee nyota ili uupate jioni bila kuutafuta.

2. Toa maswali kwenye ujumbe, uyaandike kwenye karatasi

Chukua karatasi, au nakili ujumbe mzima uubandike kwenye notisi za simu. Pitia sentensi moja moja. Kwenye kila sentensi jiulize jambo moja tu: nisipoizungumzia sentensi hii, mteja atabaki hajui nini?

Ujumbe wetu una alama za kuuliza tatu: ya paneli, ya friji na ya waranti. Ukihesabu kwa alama utajibu matatu. Hebu tupitie.

Salamu na habari ya jirani hazihitaji jibu zaidi ya salamu. Vyumba, taa sita, tivi na simu ni taarifa, si swali, lakini ni taarifa ambayo swali la paneli haliwezi kujibiwa bila hiyo, kwa hiyo iandike pembeni. Paneli ya wati 100 au 200: namba 1.

Betri ya gari. Hapa hakuna alama ya kuuliza wala neno la kuuliza. "Nimeambiwa hata ya gari inafaa" ni namna ya kuuliza bila kuonekana mjinga: anataka uthibitishe au ukanushe. Na ndani yake kuna mawili: betri za gari kwa ujumla, na hiyo N70 yake iliyolala ndani tangu mwaka jana. Ukisema tu "betri ya gari haifai" atarudi: "Basi hii niliyonayo nifanyeje?" Namba 2, yenye vipande viwili.

"Bei ya kufunga ni ngapi na unaweza kuja lini" ni sentensi moja yenye maswali mawili yaliyounganishwa kwa "na". Hii ndiyo sentensi inayoangusha wengi, kwa sababu ukishajibu bei akili inahesabu sentensi nzima kuwa imejibiwa. Tenganisha: bei ni namba 3, siku ya kuja ni namba 4. Tena bei yenyewe ina utata. "Kufunga" anaweza kuwa anamaanisha ufundi peke yake, au kila kitu mpaka taa ziwake. Hujui ni ipi, kwa hiyo jibu zote mbili. Na "lini" hapa si lini tu. Ametaja tarehe 20. Swali lake la kweli ni kama kazi itakuwa imekwisha kabla mama hajarudi. Ukimjibu "nitakuja wiki ijayo" umejibu maneno yake ukaacha haja yake.

Friji, namba 5.

Shangazi. Ni rahisi kuipita hii kama porojo. Lakini mtu hasimulii fundi habari ya taa zinazozimika saa nne usiku bila sababu. Anauliza mawili: ile ya shangazi ina tatizo gani, na, hili ndilo linalomsumbua, ya kwangu nayo haitazima? Namba 6.

Paa limeangalia mashariki na magharibi. Taarifa au swali? Anayetoa taarifa ambayo hukumwomba mara nyingi ana wasiwasi nayo. Huenda amesikia mahali kwamba paneli lazima iangalie upande fulani. Ipe namba 7, hata kama jibu litakuwa sentensi mbili. Ukikosea hapa hasara ni ndogo: umemweleza jambo ambalo hakuliuliza. Ukikosea upande wa pili, umemwacha na wasiwasi.

Waranti ipo? Namba 8, nayo ni neno moja lenye vitu vitatu: waranti ya paneli, ya betri, na ya kazi ya mikono yako. "Ndiyo ipo" ni jibu linalozaa ugomvi miezi minane baadaye, betri ikifa na mteja akidhani neno "ipo" lilihusu kila kitu.

Alama tatu za kuuliza, maswali manane. Andika hiyo 8 juu kabisa ya karatasi na uizungushie duara, kwa sababu mwisho utaihitaji.

3. Panga yapi yanajibika sasa

Usianze kuandika bado. Weka alama pembeni ya kila namba: J kwa linalojibika sasa, T kwa linalohitaji taarifa toka kwa mteja, N kwa linalomngoja mtu mwingine, kama duka la vifaa.

Swali 1 ni J, lakini fanya hesabu kwanza, maana bei na friji zinaning'inia juu yake. Taa sita za wati 5 zikiwaka saa tano kwa siku ni wati-saa 150. Tivi ya inchi 32 ya LED, wati 40 kwa saa nne, ni 160. King'amuzi hakukitaja, ila tivi bila king'amuzi ni nadra, kwa hiyo weka wati 10 kwa saa nne, yaani 40. Simu mbili au tatu, 50. Jumla ni wati-saa 400 kwa siku. Upande wa paneli, chukua saa tano za jua kamili kwa siku na uondoe asilimia 30 inayopotea kwenye joto, vumbi, nyaya na betri. Paneli ya wati 100 inabaki na 100 × 5 × 0.7, yaani 350, na hiyo haifiki 400. Ya wati 200 inabaki na 700. Jibu limepatikana, na limepatikana kwa kudhani mambo mawili: king'amuzi na idadi ya simu. Yaandike, utamwambia mteja kwamba umeyadhani.

Swali la 2, 5, 6, 7 na 8 ni J kwa sehemu kubwa. La 3 ni J kwa ufundi, na N kwa vifaa, kwa kuwa bei ya leo ya betri iko dukani. Pia ni T, kwa sababu urefu wa waya hutegemea nyumba. La 4 ni J ukishaangalia daftari lako la kazi, na uliangalie kweli, usikisie.

Faida ya kupanga hivi inaonekana kwenye hilo swali la 3. Bila kupanga, fundi anafika kwenye bei, anagundua hana bei ya betri, anasema "ngoja nipige simu dukani", na jibu lote linakaa nusu kwenye simu mpaka kesho. Swali lisilojibika halipaswi kuzuia mengine saba. Nalo hujibiwa, kwa kusema kinachokosekana na siku litakapokamilika.

4. Andika kwa namba zake

Fuata mpangilio wa mteja, hata kama kwako wewe bei ingekaa mwisho na paa lingekaa karibu na paneli. Yeye atasoma jibu lako huku akikumbuka alivyouliza, na ukipanga upya atalazimika kutafuta. Jambo moja tu ndilo linaruhusiwa kuruka foleni: lenye tarehe. Hilo liguse kwenye mstari wa kwanza baada ya salamu, kisha ulirudie kwenye namba yake.

Kila namba ianze na kichwa cha neno moja au mawili, kwa maneno aliyotumia yeye. Akisema "paneli" usimwandikie "moduli". Baada ya kichwa, jibu lenyewe kwanza, sababu baadaye. "100 haitoshi, chukua 200. Sababu ni..." Watu wengi huanza na sababu, na anayesoma kwa haraka haambulii kama aliambiwa ndiyo au hapana. Sentensi mbili hadi nne kwa kila namba zinatosha. Likihitaji zaidi ya hapo, toa jibu fupi na useme maelezo marefu utayatuma peke yake.

Jihadhari na "ndiyo" na "sawa". Swali la "hii au ile" halijibiwi kwa ndiyo, na swali lenye vipande viwili likijibiwa "ndiyo" moja hakuna anayejua ni kipande kipi.

Maswali yako wewe kwa mteja usiyatawanye ndani ya majibu. Yakusanye mwisho na uyape herufi, A, B, C, ili yasichanganyike na namba zake. Mteja akijibu "A simu nne, B hakuna mti", hakuna kuulizana mara mbili. Yasizidi manne, zaidi ya hapo watu hujibu la kwanza na la mwisho tu.

Tuma yote kwa ujumbe mmoja. Hili lina ubishi, kwa sababu wengine wanaona jumbe fupi fupi zinasomeka vizuri zaidi kwenye simu. Zinasomeka, lakini mteja huanza kujibu la pili wakati wewe unaandika la tano. Majibu yake yanaingia katikati ya yako, na namba 6 hadi 8 zinabaki hewani. Andika kwenye notisi, ukimaliza nakili, bandika, tuma. Kuandikia notisi kunakuepusha pia na kutuma nusu kwa bahati mbaya. Kwenye WhatsApp, neno ukiliweka kati ya nyota mbili, kama `*Betri*`, linakuwa na wino mzito, na hiyo inatosha kutenganisha namba moja na nyingine.

Hili hapa jibu la fundi:

> Salama dada, habari ya Kibaigwa. Nimesoma ujumbe wote, nimeona maswali 8, nayajibu kwa namba. La haraka kwanza: kabla ya tarehe 20 inawezekana, angalia namba 4.
>
> *1. Paneli.* Ya 100 haitoshi, chukua 200. Taa 6, tivi na simu zinakula kama wati-saa 400 kwa siku. Ya 100 itakupa kama 350, ya 200 itakupa kama 700, kwa hiyo hata siku ya mawingu hutalala giza. Nimehesabu king'amuzi na simu tatu.
>
> *2. Betri.* Ya gari haifai kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache gari liwake. Ukiitumia taratibu usiku kucha kila siku inakufa mapema. Hiyo N70 yako, kwa kuwa imekaa muda mrefu bila kuchajiwa, huenda imeshapungua. Nitaipima nikija, ila usiipangie kazi ya sola. Nunua betri ya sola ya Ah 100.
>
> *3. Bei.* Ufundi ni sh. 150,000 pamoja na nauli, vifaa havimo. Bei ya vifaa vyote nitakutumia Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, baada ya kuulizia dukani na kupata jibu lako la C hapo chini.
>
> *4. Kuja.* Jumatatu tarehe 16, kazi ni ya siku moja. Nimeacha tarehe 17 wazi kama kutakuwa na dharura. Vifaa viwe vimenunuliwa kufikia Jumamosi tarehe 14. Vikichelewa sitaweza kuahidi tarehe 20.
>
> *5. Friji.* Utaweza kuongeza, ila si kwa vifaa hivi peke yake. Friji ndogo inaweza kula wati-saa 700 kwa siku, kuliko vitu vingine vyote pamoja. Itahitaji paneli nyingine ya 200, betri zaidi, na inveta inayomudu friji inapoanza kuzunguka. Cha kufanya sasa ni kununua chaji kontrola ya ampea 40 badala ya 20, ili paneli ya pili ikija kontrola isibadilishwe.
>
> *6. Ya shangazi.* Mara nyingi kontrola ndiyo inayozima ili kuilinda betri, kwa sababu betri ni ndogo, imechoka, au haijai mchana. Ipi kati ya hizo siwezi kusema bila kuipima. Ya mama nimeihesabu ili isifike huko: matumizi ya siku nzima hayafiki nusu kamili ya betri ya Ah 100.
>
> *7. Paa.* Halina tatizo. Nitaweka stendi ndogo paneli iangalie kaskazini, na mwinamo kidogo mvua ioshe vumbi. Kinachoharibu ni kivuli kuliko upande.
>
> *8. Waranti.* Ziko tatu. Paneli na betri zina waranti ya muuzaji, kila moja na muda wake. Utaona karatasi kabla ya kulipa, na usipoteze risiti. Kazi yangu ya kufunga ni miezi 6: waya ukilegea au swichi ikisumbua nakuja bila malipo.
>
> Naomba nami nijibiwe:
> A. Simu ni ngapi, na king'amuzi kipo?
> B. Kuna mti au tanki linalotia kivuli kwenye paa?
> C. Toka paa mpaka chumba cha betri ni hatua ngapi?
> D. Betri ya shangazi ni ya Ah ngapi, ina miaka mingapi?
>
> Msalimie mama.

Angalia namba 6. Fundi hajui tatizo la shangazi ni nini, na amesema hivyo, lakini mteja ameondoka na kitu: sababu zinazowezekana, na uhakika juu ya ya kwake. Hesabu iko nyuma ya sentensi hiyo: wati-saa 400 kugawa kwa volti 12 ni kama Ah 33, na nusu ya betri ya Ah 100 ni 50. Hakuiweka hesabu yote kwa sababu dada hakuiuliza. Akiuliza, ipo kwenye karatasi.

Namba 4 nayo imebeba sharti. Tarehe bila sharti ni mtego, kwa fundi na kwa mteja pia: vifaa vikichelewa siku tatu, aliyeambiwa "Jumatatu tarehe 16" tu atasema fundi kamwangusha.

5. Hakiki kwa kurudi nyuma

Kosa la kawaida la kuhakiki ni kulinganisha jibu na karatasi yako. Karatasi ina namba nane, jibu lina namba nane, safi. Lakini kama uliruka swali ulipokuwa unasoma, halimo kwenye karatasi pia, na kuhakiki kwa namna hiyo hakutalileta.

Hakiki dhidi ya ujumbe wa mteja wenyewe, kuanzia sentensi ya mwisho kupanda juu. Kwenda kinyume kunalivunja lile simulizi, na kila sentensi inasimama peke yake. "Asante na kazi njema": salamu. "Waranti ipo?": namba 8. "Paa letu ni la bati": namba 7. Endelea hadi juu. Kila sentensi lazima iwe na namba, au iwe salamu, au iwe taarifa uliyoitumia. "Vyumba vitatu na sebule", kwa mfano, haina namba. Je, umeitumia? Hapa ilitakiwa kusaidia kuhakikisha taa sita zinatosha: vyumba vitatu, sebule, jiko, nje. Sawa, sita. Nyumba ingekuwa na vyumba vitano, hapo ungekuta jambo la kumtajia mteja.

Halafu hesabu vichwa kwenye jibu. Viwe 8. Kubandika kutoka kwenye notisi huweza kukata mwisho wa maandishi kama hukuyachagua yote, na hakuna atakayekuambia. Tizama kama "Msalimie mama" ipo.

Ikiwa ni sauti, au ni barua pepe

Ujumbe wa sauti wa dakika tatu ni mgumu zaidi, kwa sababu swali liko kwenye kiimbo tu, na huwezi kulitupia jicho tena. Usikilize mara moja wote bila kuandika. Mara ya pili sikiliza kwa kasi ya kawaida, si ile ya mara moja na nusu, ukisimamisha kila swali na kuandika dakika yake: "1:12, betri". Dakika hizo ndizo zitakazokusaidia kuhakiki. Kisha jibu kwa maandishi, hata kama yeye alisema, na uanze kwa kuyataja: "Nimesikia maswali matano: paneli, betri, bei, siku, waranti. Kama kuna nililoliacha niambie." Ukijibu kwa sauti, naye atakuwa na dakika tatu za kusikiliza bila namba.

Kwenye barua pepe watu hupenda kujibu ndani ya maandishi ya mwenzao, chini ya kila swali. Inafaa kwa maswali yaliyopangwa vizuri, lakini kwa aya ndefu kama ya dada wa Kibaigwa majibu hujificha katikati ya maneno yake mwenyewe. Na usitegemee rangi kutofautisha maneno yako na yake, kwa kuwa programu nyingine huiondoa. Ni salama zaidi kuandika namba zako juu, na ujumbe wake ukabaki chini kama ulivyo.

6. Baada ya kutuma

Kilichoahidiwa Alhamisi kiweke kwenye kengele ya simu papo hapo, kabla ya kuifunga WhatsApp. Siku ikifika, anza na namba ile ile: "Namba 3, bei ya vifaa:". Usiseme "ile bei". Kama duka halijajibu, tuma hivyo hivyo kabla ya saa kumi, useme halijajibu na siku mpya.

Mteja akirudi na "Asante, sasa nimeelewa. Na je, radi?", hilo ni namba 9. Endeleza hesabu, usianze tena moja. Na akijibu A, B na C akaruka D, usimwandikie upya orodha nzima, mwandikie "Imebaki D tu, betri ya shangazi."